Daftari la Mvua: Namna ya Kujumlisha Miezi na Kuzitambua Siku Zilizokosa Kipimo

Miaka kadhaa iliyopita niliketi mezani hapa Eldoret, mbele yangu madaftari matatu ya shamba moja la ngano la upande wa Moiben, nikazinakili tarakimu zote za mvua zilizoandikwa humo kwa kalamu ya wino na kwa penseli, na kila nilipokuta mahali patupu nikatia sifuri, kwa dhana kwamba mwandishi alikuwa hakuona haja ya kuandika siku ambayo hapakunyesha. Kazi ilipokwisha nikampelekea jamaa yangu mmoja aliyetumika muda mrefu katika mambo ya hali ya hewa, naye akaipitia kwa kimya chake, kisha akaniuliza: "Hivi, bwana, mvua ya Moiben nayo huenda kanisani?" Sikumfahamu. Akanionyesha kwamba kwa miaka mitatu mfululizo, tangu masika ya Aprili hata mvua kubwa za Agosti, Jumapili haikupata kuandikwa tone hata moja, ilhali Jumatatu ilikuwa ndiyo siku yenye mvua nyingi kuliko zote za juma. Mvua haikuwa na dini; msomaji wa kipimo ndiye aliyekuwa nayo, na Jumapili alikuwa hafiki kwenye chombo.

Basi kosa kubwa la kazi hii, ambalo makosa mengine yote ni wadogo zake, ni kudhani kuwa patupu ni sifuri. Sifuri ni ushahidi: mtu alikwenda, akatazama, akakuta chupa ni kavu. Patupu ni kimya, na kimya chaweza kuwa na sababu nyingi. Mwongozo huu ni kwa yule aliyekabidhiwa daftari la namna hiyo, la shamba, la shule au la ushirika, akatakiwa kutoa jumla ya kila mwezi na kusema wazi ni siku zipi hazikupimwa.

Kabla ya kushika tarakimu yoyote, msomaji, kifahamu chombo kilichozizaa. Kipimamvua cha desturi katika nchi hii ni silinda ya shaba au ya bati yenye mdomo wa upana wa inchi 5, yaani milimita 127, na faneli ndani yake, na chini ya faneli chupa. Kila siku saa tatu asubuhi mtu huitoa chupa, huyamimina maji katika bilauri nyembamba yenye mistari, husoma milimita na sehemu za kumi za milimita, huandika, kisha huyamwaga maji. Bilauri hiyo aghalabu haipokei zaidi ya milimita 10 kwa mara moja, kwa hiyo mvua kubwa hupimwa kwa awamu, na pambizoni mwa daftari utakuta hesabu ndogo kama 10+10+3.8. Usizipuuze hesabu hizo, maana ni ithibati ya kile kilichoandikwa katika safu yenyewe. Na bilauri ikivunjika, jambo ambalo hutokea sana, hodari hukopa chombo cha zahanati na kuanza kuandika mililita. Ukikuta ghafula kipimo cha 190 kati ya vipimo vya 6 na 12, usikimbilie kusema gharika imeshuka. Katika mdomo wa milimita 127, milimita moja ya mvua ni takriban mililita 12.67 za maji, na kwa hiyo mililita 190 ni milimita 15 tu. Madaftari ya zamani ya mashamba ya Uasin Gishu nayo huwa katika inchi, na pengine mwandishi ameandika mia za inchi bila nukta: 49 ni inchi 0.49, nayo ni milimita 12.4.

Yako maswali mawili ya kuuliza daftari kabla ya kulinakili. La kwanza ni tarehe. Maji yaliyosomwa saa tatu ya asubuhi ya tarehe 4 ni ya saa ishirini na nne zilizotangulia, na katika mji wetu, ambako mvua nyingi huja alasiri na jioni baada ya jua kali la adhuhuri, karibu yote yalianguka tarehe 3. Wako waandishi wanaoyaandika tarehe 4, siku waliyosoma. Na wako wanaoyarudisha tarehe 3, siku iliyonyesha. Desturi zote mbili ni sahihi, lakini kuzichanganya ni balaa, hususan mwisho wa mwezi, ambapo kipimo cha asubuhi ya tarehe 1 Mei kwa desturi moja ni cha Mei na kwa nyingine ni cha Aprili. Maagizo huchapishwa juu ya kadi au kwenye jalada. Yasipokuwapo, nafasi tupu zenyewe zitakwambia: ikiwa mwandishi hafiki Jumamosi na Jumapili, basi katika daftari la siku ya kusoma utakuta patupu Jumamosi na Jumapili, na katika daftari la kurudisha nyuma utakuta patupu Ijumaa na Jumamosi, kwa sababu kile cha Jumatatu kimeandikwa Jumapili. Ukiisha kujua, andika desturi hiyo juu ya kazi yako, wala usihamishe tarehe hata moja.

Swali la pili ni alama. Mwandishi mmoja huandika 0.0 siku kavu, mwingine NIL, mwingine mstari, na wako wanaoutumia mstari huo huo kwa siku waliyokuwa safarini. TR ni athari ya mvua, manyunyu yaliyolowesha chombo yasiweze kupimika. Katika jumla huhesabiwa sifuri, lakini si sawa na siku kavu, na hupaswa kubaki na alama yake. Kama mwandishi yu hai na anapatikana, nusu saa ya kunywa naye chai ina faida kuliko juma zima la kukisia.

Sasa tushike kazi. Fungua lahajedwali, karatasi yake uiite Siku, na kwanza kabisa, kabla ya kufungua daftari, jaza safu ya A kwa tarehe zote za mwaka, moja baada ya moja, bila kuruka. Hili ndilo jambo ambalo wengi hulipuuza: huandika tarehe zile tu zenye maneno, na siku zilizokosa kipimo hupotea zisionekane hata kuwa zimepotea. Ziandike tarehe kwa namna ya 2024-04-03, kwa kuwa mashine nyingi zimewekwa kwa desturi ya Kimarekani, na 3/4 yako ya Aprili itageuzwa kuwa tarehe 4 Machi pasipo kukuuliza. Safu ya B ni ya maandishi kama yalivyo katika daftari, herufi kwa herufi, pamoja na NIL, mstari na alama ya kufutwa. Safu hii haisahihishwi kamwe. Safu ya C ni milimita kama ulivyozifasiri, na safu ya D ni alama ya hukumu yako. Mimi hutumia herufi tano: S kwa kipimo sahihi cha siku moja, pamoja na sifuri, T kwa athari, M kwa kipimo kilichokusanya mvua ya siku kadhaa, N kwa siku iliyomo ndani ya mkusanyo huo, na X kwa siku ambayo kipimo chake hakipo wala hakiwezi kupatikana. Hakuna mstari wa D utakaoachwa mtupu.

Tutazame ukurasa mmoja wa Aprili, katika mwaka ambao tarehe 1 ni Jumatatu. Tarakimu nimezitunga kwa ajili ya somo, lakini taksiri zilizomo nimezikuta zote katika madaftari ya kweli. Tarehe 1 na 2 zina 0.0. Tarehe 3 ina 6.2, tarehe 4 ina 12.4, tarehe 5 ina NIL. Jumamosi na Jumapili, tarehe 6 na 7, ni tupu, na Jumatatu tarehe 8 ina 23.8. Zinafuata 1.6, TR, 0.0 na 8.0, mwisho wa juma wa tarehe 13 na 14 ni tupu tena, na tarehe 15 sifuri, tarehe 16 ina 17.5 na tarehe 17 ina 4.3. Tarehe 18 na 19 zina mistari. Tarehe 20 na 21, mwisho wa juma, ni tupu, na tarehe 22 ina 31.0, kisha 9.7 tarehe 23. Tarehe 24, ambayo ni Jumatano, ni tupu. Tarehe 25 ina 14.1, tarehe 26 ina 3.3, tarehe 27 na 28 tupu, tarehe 29 ina 11.2 na tarehe 30 ina 5.9. Chini ya ukurasa, kwa mkono wa mwandishi, imeandikwa Jumla 158.0.

Ukijumlisha ulivyonakili utapata 149.0. Tafauti ni 9.0, yaani sehemu za kumi 90, na 90 yagawanyika kwa 9 bila baki. Makarani wa hesabu wa zamani walilijua jambo hili vema: tafauti inayogawanyika kwa 9 aghalabu ni ya tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi, au ya nukta iliyoruka. Tazama basi ni mistari ipi ambayo tarakimu zake za mbele zikibadilishana huongeza 9.0 kamili: ni tarehe 4, ambapo 12.4 ingekuwa 21.4, na tarehe 8, ambapo 23.8 ingekuwa 32.8. Rudi kwenye karatasi ukiwa na taa nzuri. Tarehe 8 pambizoni pana 10+10+3.8, kwa hiyo imethibiti. Tarehe 4 wino umefifia, lakini ukiinamisha karatasi kando ya dirisha kalamu imeacha alama yake, nayo ni 21.4. Jicho lako ndilo lililokosa, si mwandishi. Jumla sasa ni 158.0. Lau isingekuwapo jumla ya mwandishi, njia ambayo ingebaki ni kunakili mara mbili, mtu mmoja leo na mwingine kesho asiyeiona kazi ya kwanza, kisha kuzilinganisha safu mbili. Hapo utashangaa ni mara ngapi 1 ya mtu mmoja ni 7 ya mwenziwe.

Sasa alama. Tarehe 6 na 7 ni N na tarehe 8 ni M: chombo kilikaa pale siku zote tatu kikipokea, maji yakasubiri katika chupa chini ya faneli, ambapo jua haliyafikii sana, na 23.8 ni mvua ya siku tatu. Usizigawe kwa tatu. Jumla ya mwezi haikupungua kwa chochote. Kilichopotea ni ujuzi wa siku ipi ilinyesha kiasi gani. Tarehe 13 na 14 ni N vilevile, na sifuri ya tarehe 15 ni M yenye thamani ya sifuri, na hii ndiyo namna pekee ambayo patupu hugeuka kuwa sifuri kwa haki: chombo ambacho hakikumwagwa, kikakutwa kikavu siku ya tatu, kimetoa ushahidi wa siku zote tatu. Tarehe 27 na 28 zafuata kanuni ile ile ya juma la kwanza.

Mistari ya tarehe 18 na 19 yafaa tuitulie. Ikiwa mstari maana yake ni kavu, siku hizo ni sifuri, na 31.0 ya tarehe 22 ni ya siku tatu. Ikiwa maana yake ni kwamba mwandishi alikuwa hayupo, 31.0 ni ya siku tano, tangu tarehe 18 hata 22. Lakini angalia: kwa vyovyote vile jumla ya mwezi ni ile ile, maadamu hakuna aliyemwaga maji katikati. Nami, kwa kuwa mwandishi huyu siku kavu ameandika 0.0 na NIL, naona mstari kwake ni kutokuwapo. Nazitia N zote nne na M tarehe 22, na sababu naiandika pembeni. Mtu mwingine akiona vingine, jumla yangu haitamdhuru.

Tarehe 24 ndiyo inayoniudhi. Ni siku ya kazi katikati ya siku za kazi, na mtu aliyesoma Jumanne na Alhamisi hakuwa mbali Jumatano. Yawezekana hakwenda, na 14.1 ya tarehe 25 ni ya siku mbili. Yawezekana pia alikwenda, akasoma, akayamwaga maji, akaitwa kutazama ng'ombe anayezaa, akasahau kuandika. Na hapo mvua ya siku hiyo imekwenda ardhini isirudi. Daftari haliwezi kuamua. Unaweza kumtazama jirani mwenye kipimamvua, au kituo cha uwanja wa ndege upande wa Kapseret, lakini wenyeji wa hapa wanajua kwamba mvua ya alasiri yaweza kufurika Kapseret ilhali Moiben watu wanaanika mahindi. Kwa hiyo jirani akisema palikuwa kavu kote, huo ni ushahidi wa kiasi, na akisema milimita 20, haikupi ruhusa ya kuandika 20 kwako. Siku hiyo ni X, na safu yake ya C huachwa tupu, si sifuri.

Mistari ya juma hilo itaonekana hivi:

```
2024-04-22   31.0    31.0   M
2024-04-23   9.7     9.7    S
2024-04-24                  X
2024-04-25   14.1    14.1   S
```

Kwa jumla za miezi fungua karatasi ya pili, uiite Miezi. Katika A2 andika tarehe ya kwanza ya mwezi, katika B2 jumla, katika C2 idadi ya siku za X, katika D2 idadi ya siku zilizopewa alama yoyote, na katika E2 hukumu:

```
B2: =SUMIFS(Siku!C:C,Siku!A:A,">="&A2,Siku!A:A,"<="&EOMONTH(A2,0))
C2: =COUNTIFS(Siku!A:A,">="&A2,Siku!A:A,"<="&EOMONTH(A2,0),Siku!D:D,"X")
D2: =COUNTIFS(Siku!A:A,">="&A2,Siku!A:A,"<="&EOMONTH(A2,0),Siku!D:D,"<>")
E2: =IF(AND(C2=0,D2=DAY(EOMONTH(A2,0))),B2,"PUNGUFU")
```

Sababu ya kuwa na safu nne badala ya moja ni kwamba kanuni ya kujumlisha, ikipita juu ya seli tupu, huiruka kimya kimya, na matokeo yake hayana tafauti na ya seli yenye sifuri. Mwezi ulio na nusu ya siku zake utatoa tarakimu safi, yenye nukta yake, isiyo na dalili ya aibu. D2 ndiyo inayoikamata: ikiwa Aprili ina siku 29 tu zenye alama, kuna mstari ulioruka. Na hukumu ya E2 ni kali kwa kusudi. Kwa wastani wa joto, kanuni za Shirika la Hali ya Hewa Duniani huvumilia siku chache zilizokosekana. Kwa jumla ya mvua hazivumilii hata moja, isipokuwa siku hiyo iwe imefunikwa na mkusanyo, na sababu yake ni wazi kwa mtu yeyote aliyeona jioni moja ya Agosti ikileta robo ya mvua ya mwezi mzima. Aprili yetu basi ni PUNGUFU. Katika taarifa nitaandika: si chini ya milimita 158.0, siku moja haikupimwa, tarehe 24.

Umebaki mtego mmoja ambao lahajedwali halitauona. Katika mwaka huo huo, tarehe 31 Agosti ni Jumamosi, tarehe 1 Septemba ni Jumapili, na mwandishi wetu anasoma Jumatatu tarehe 2. Mkusanyo umevuka mpaka wa mwezi, na hakuna awezaye kusema ni kiasi gani ni cha Agosti na kiasi gani ni cha Septemba. Tia X siku zote tatu, acha kipimo katika safu ya B peke yake, na miezi miwili itahukumiwa kuwa pungufu kwa ajili ya mapumziko ya juma moja. Inauma, kwa kuwa Agosti kwetu ni miongoni mwa miezi ya mvua nyingi. Lakini jumla ya Agosti na Septemba kwa pamoja, ukikiongeza kile kipimo cha safu ya B, ni kamili kama siku nyingine zote zimo, na kwa mkulima anayetaka kujua ngano yake ilipata maji kiasi gani hadi kuvunwa, jumla hiyo ya pamoja aghalabu inatosha. Iandike katika mstari wake mwenyewe, chini ya ile miezi miwili.

Ukiisha, fanya lile jaribio la jamaa yangu. Chukua siku zote za Aprili hadi Septemba, uzipange kwa majina ya juma, na kwa kila jina uhesabu ni siku ngapi zenye alama S zilikuwa na mvua na ngapi zilikuwa sifuri. Mvua haijui Jumapili. Baada ya miaka miwili au mitatu hesabu za siku saba hukaribiana. Ikiwa siku moja ina sifuri nyingi mno na inayoifuata ina vipimo vikubwa mno, basi mwandishi hakuacha patupu bali aliandika sifuri siku ambazo hakwenda, pengine kwa kuogopa msimamizi, na sifuri hizo ni za uongo. Kumbuka kwamba hata hapo jumla za miezi huenda zikawa salama, kwa kuwa maji yalimngoja chupani. Zibadili ziwe N, na siku inayofuata M, na hesabu ya siku za mvua usiitoe kabisa kwa daftari hilo.

Mimi yale madaftari matatu ya Moiben niliyarudia yote. Jumla za miezi zilibadilika katika miezi minne tu, yote ikiwa ile iliyoisha Jumapili au iliyoanza Jumatatu. Lakini siku za mvua, nilizokuwa nimekwisha kuzitaja mbele ya watu, ilinibidi nizifute.